Shoti za keshia, na maswali niliyojifunza kumuuliza mfanyakazi anayeondoka

Barua za kujiuzulu zilizokuwa zikifika mezani pangu zilifanana kana kwamba ziliandikwa na mkono mmoja. Mwandishi alishukuru kampuni kwa nafasi aliyopewa, akataja sababu za kifamilia au nafasi bora aliyoipata kwingine, kisha akatoa notisi ya siku 28 jinsi Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inavyomtaka mtu anayelipwa kwa mwezi. Nilikuwa nimeajiriwa kusimamia masuala ya wafanyakazi katika supamaketi moja ya hapa Nakuru, ambayo sitaitaja, yenye matawi mawili mjini na moja Njoro. Mwaka ulipoisha mkurugenzi aliniuliza swali moja tu: mbona kila nikipita dukani naona sura mpya?

Kabla ya kumjibu nilihesabu. Tulikuwa na wastani wa wafanyakazi 84, na walioondoka mwaka huo walikuwa 31, yaani kama asilimia 37. Lakini hesabu hiyo peke yake hupotosha, kwa sababu inachanganya watu ambao hawafanani. Watano kati yao tuliwaachisha kazi sisi wenyewe na wawili mikataba yao iliisha, kwa hiyo waliochagua kuondoka walikuwa 24. Nilipowagawanya kwa kazi walizofanya, 15 walikuwa keshia, ilhali keshia wote wa matawi matatu hawakuzidi 30. Tisa kati ya hao 15 hawakuwa wamemaliza miezi sita. Kwa maneno mengine, duka zima halikuwa na shida ya watu kuhama. Shida ilikuwa kwenye kaunta, na ilimkuta mtu mapema.

Yeyote anayetaka kuanzisha mahojiano ya kuondoka namshauri aanze hapo, kwenye hesabu, kabla hajaandika swali lolote. Ukijua ni kundi gani linaloondoka na linaondoka likiwa na muda gani kazini, utajua pia ni majibu ya nani uyasome kwa makini zaidi.

Fomu niliyoikuta ilikuwa ya ukurasa mmoja, yenye orodha ya sababu na visanduku vya kutia alama: mshahara, masomo, familia, afya, kazi nyingine, mengineyo. Nilizitoa zote kwenye faili na kuzisoma jioni moja. Karibu zote zilitiwa alama kwenye familia au kazi nyingine, na pale palipoandikwa maoni palikuwa na maneno kama "asanteni kwa yote". Kisa chake sikukigundua kwa kuzisoma, bali kwa kutazama jinsi zilivyojazwa. Siku ya mwisho ya kazi, mfanyakazi huzunguka na karatasi ya kukabidhi vitu: stoo inasaini kwamba amerudisha sare, uhasibu unasaini kwamba hadaiwi, meneja wa tawi anasaini mwisho. Fomu ya maoni ilikuwa imebanwa nyuma ya karatasi hiyo hiyo, na aliyeipokea alikuwa meneja wa tawi. Mtu ambaye bado hajalipwa siku zake za mwisho wala kupewa cheti cha utumishi hawezi kumwandikia meneja kwamba tatizo ni meneja.

Hapo ndipo nilipobadilisha mpangilio, na naamini badiliko hilo lilikuwa na uzito kuliko maswali yenyewe. Kwanza nilimpa mtu karatasi ya hesabu ya haki zake za mwisho, yaani siku alizofanya kazi na siku za likizo ambazo hakuzichukua, akaisaini na kubaki na nakala. Pili nilimkabidhi cheti chake cha utumishi mkononi. Cheti hicho ni haki yake kwa sheria ikiwa amefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, na wala si zawadi ya kumtuza kwa kuondoka vizuri. Wafanyakazi wengi hukichanganya na barua ya sifa, ambayo mwajiri ana hiari ya kuiandika au kuacha, na ndiyo sababu wanaogopa kusema neno. Baada ya hayo mawili ndipo nilipomwomba tuzungumze, katikati ya kipindi cha notisi, si siku ya mwisho ambapo kichwa chake kiko kwenye mizigo na kuagana na wenzake. Tulikaa kwenye hoteli ndogo ya chai nyuma ya duka, kwa sababu ofisi yangu ilikuwa na ukuta wa mbao unaopitisha kila neno hadi kwa meneja.

Kabla ya kuuliza chochote nilimweleza majibu yatatumika kwa kazi gani. Nilimwambia kwamba nitayachanganya na ya wenzake, kwamba jina lake halitatokea kwenye ripoti, na kwamba karatasi yake haitaingia kwenye faili lake la kazi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai mtu ajue taarifa zake zinakusanywa kwa madhumuni gani, lakini hata bila sheria hiyo huo ni uungwana. Nilimwambia pia kile ambacho nisingeweza kukificha: akinieleza habari za kunyanyaswa kingono, wizi, au hatari kwa maisha ya watu, nitalazimika kuchukua hatua. Sijawahi kuona mtu akinyamaza kwa sababu ya onyo hilo. Walionyamaza walikuwa wale walioahidiwa siri kamili na wenzangu waliotangulia, kisha wakasikia maneno yao yakirudiwa stoo.

Sasa maswali. "Kwa nini unaondoka?" nililiondoa kabisa, kwa sababu mtu ameshalijibu kwenye barua na atarudia alichoandika. Badala yake nilianza na hili: ulianza lini kufikiria kuondoka, na siku hiyo kulitokea nini? Swali hili linamrudisha mtu kwenye tukio, na tukio halipambwi kirahisi kama sababu. Lililofuata lilikuwa: kazi uliyoelezwa siku ya kuajiriwa ilitofautiana vipi na uliyoikuta? Kisha: kabla ya kuandika barua ulimweleza nani, na akakujibu nini? Kisha: huko unakokwenda kuna nini ambacho hapa hakikuwapo? La mwisho lilikuwa hili: mdogo wako akikuambia amepata kazi hii hii, ungemwonya kuhusu nini? Hayo matano yanatosha kwa nusu saa. Nilipoongeza mengine watu walichoka na majibu yakawa ya neno moja moja.

Anayeuliza naye ana kanuni zake. Nilijizuia kutetea kampuni hata pale mtu aliposema jambo nililojua si kweli, maana ukishamsahihisha mara moja atakusoma na kukupa majibu unayoyapenda. Sikumshawishi abaki, kwani mazungumzo yakigeuka ya kupatana mshahara huwa hayarudi tena kwenye ukweli. Na niliandika maneno yake kama alivyoyasema. Tofauti kati ya "hakuridhishwa na usimamizi" na "alinihesabia pesa nikiwa sipo" ni kubwa, na inaonekana tu ukiyaacha maneno yalivyo.

Keshia wa kwanza niliyezungumza naye kwa utaratibu huo alikuwa ameandika kwenye barua kwamba anarudi nyumbani Kakamega kumhudumia mama yake. Nilipomuuliza alianza lini kufikiria kuondoka, alikaa kidogo kisha akasema, "Madam, ni ile tarehe thelathini nilipopewa hati ya mshahara nikaona nimekatwa shoti mbili. Moja naijua. Hiyo nyingine hakuna mtu aliyewahi kuniambia."

Kwa asiyefanya kazi dukani, shoti ni upungufu wa pesa kwenye droo ya keshia anapofunga zamu. Mashine inasema aliuza kiasi fulani kwa pesa taslimu, droo ikihesabiwa inapungua, na tofauti hiyo inaandikwa kwa jina lake. Kwetu ilikuwa ikikatwa mwisho wa mwezi.

Nilimuuliza kama mama yake kweli anaumwa. Akacheka akasema mama yuko salama, lakini huwezi kuandika shoti kwenye barua, watu watadhani uliiba. Jibu hilo lilinifunza zaidi ya faili zima. Sababu ya kweli ilikuwa ya aina ambayo ukiitaja inakuchafua wewe mwenyewe, kwa hiyo hakuna fomu ambayo ingeipata.

Niliamua kuwapigia simu wale keshia 15 walioondoka mwaka uliotangulia. Watu ambao tayari wana kazi nyingine huzungumza kwa uhuru, na ningemshauri kila anayefanya kazi hii awapigie waliotoka miezi miwili au mitatu baadaye, hata kama alishawahoji walipokuwa kwenye notisi. Si wote walioshika simu. 11 walikubali kuzungumza, na wanane kati yao walitaja shoti kabla sijaitamka mimi. Nasisitiza "kabla sijaitamka", kwa sababu ukiuliza "je, shoti zilikusumbua?" kila keshia duniani atasema ndiyo. Nasisitiza pia hesabu ya watu wanane na si asilimia. Watu 11 ni wachache, na ukiripoti asilimia 73 unajipa uhakika usio nao.

Niliyapanga majibu kwenye jedwali la kompyuta, mstari mmoja kwa kila mtu: idara, tawi, miezi aliyofanya kazi, sababu iliyoandikwa kwenye barua, tukio la siku alipoanza kufikiria kuondoka kwa maneno yake, na mtu aliyemweleza. Faida ya jedwali ni kwamba unaweza kusoma safu moja kutoka juu hadi chini. Safu ya barua ilisema familia, familia, kazi bora, masomo. Safu ya tukio ilisema mwisho wa mwezi, hati ya mshahara, niliitwa mwizi mbele ya wateja, walihesabu nikiwa nimekwenda kula. Na safu ya mtu aliyeelezwa ilikuwa karibu tupu. Hawakumwambia yeyote, kwa sababu aliyehesabu droo ndiye aliyekuwa msimamizi wao.

Hata hivyo, malalamiko si ushahidi. Ilikuwa lazima nijue kama pesa zilikuwa zikipotea kweli, kwa hiyo nilimwomba mhasibu tukae naye na rekodi za mwezi mmoja wa tawi moja. Siku moja ya keshia mmoja ilitufungua macho. Mashine ilionyesha mauzo ya taslimu ya shilingi 41,600, na kwenye droo kulikuwa na 39,250, kwa hiyo shoti ya 2,350. Lakini siku hiyo hiyo mashine ilionyesha mauzo ya M-Pesa ya kaunta hiyo kuwa 63,480, ilhali taarifa ya M-Pesa yenyewe ilisema tulipokea 65,830. Zidisho lilikuwa 2,350. Pesa hazikupotea, ziliingia kupitia simu lakini zikaandikwa kuwa taslimu.

Inatokea hivi. Mteja anasema atalipa taslimu, keshia anabonyeza taslimu, kisha mteja anafungua pochi, anaona hazitoshi, na anaamua kulipa kwa simu. Ili kubadilisha aina ya malipo, mashine yetu ilihitaji kadi ya msimamizi. Jioni ya mwisho wa mwezi foleni inafika hadi kwenye rafu za mafuta na msimamizi yuko stoo akipokea mkate. Keshia anamwachia mteja aende, akiwa na nia ya kurekebisha baadaye, na baadaye haifiki. Jioni msimamizi analinganisha droo na mashine tu. Taarifa ya M-Pesa ilikuwa ikilinganishwa mwisho wa mwezi, makao makuu, kwa jumla ya tawi zima, na zidisho liliandikwa kama pato lisilojulikana. Kwa hiyo kampuni ilipokea pesa za mteja, kisha ikamkata keshia kiasi kile kile.

Si kila shoti ilikuwa hivyo, na ningepotosha nikidai hivyo. Nyingine zilitokana na keshia wawili kutumia droo moja wakati wa chakula, ambapo upungufu uliandikwa kwa aliyeingia kwenye mashine kwa jina lake asubuhi. Na chache zilikuwa uzembe wa kweli wa kurudisha chenji kupita kiasi.

Kulikuwa pia na suala la sheria, na ndilo lililomfanya mkurugenzi aache simu yake na kunisikiliza. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinamruhusu mwajiri kukata upungufu wa pesa pale tu unapotokana na uzembe au kukosa uaminifu kwa mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema waziwazi kwamba amekabidhiwa kazi ya kupokea, kutunza na kulipa pesa. Nusu ya keshia wetu waliajiriwa kama wahudumu wa duka, wakahamishiwa kaunta miezi michache baadaye, na mikataba yao haikugusa habari ya pesa hata kidogo. Wengine walikuwa na sentensi hiyo kwenye mkataba, lakini hakuna aliyewahi kuthibitisha uzembe wao. Hati ya mshahara ilikuwa hukumu na rufaa kwa pamoja.

Nilipopeleka ripoti niliepuka maneno kama "wafanyakazi wanahisi hawathaminiwi", ambayo hayamwelekezi mtu yeyote kufanya jambo lolote kesho asubuhi. Nilipeleka jedwali la ukurasa mmoja, mfano wa ile 2,350, nukuu tatu zisizo na majina, na pendekezo. Nilijiwekea pia mpaka wa kutotaja majibu ya tawi lolote ambalo walioondoka hawakufika watano. Njoro walikuwa wawili tu. Ningeandika "keshia wa Njoro alisema" kila mtu angejua ni nani. Na kweli, swali la kwanza la meneja mmoja kwenye kikao lilikuwa, "Nani alisema?" Nilimjibu kwamba namba za M-Pesa ndizo zilizosema, na hapo ushahidi wa kihasibu ulinisaidia kuliko maneno ya mtu yeyote.

Tulichobadilisha kilikuwa kidogo. Kila keshia alipewa droo yake, na anapokwenda kula anaifunga na kuondoka na ufunguo. Kuhesabu kunafanyika yeye akiwapo, anasaini, na anabaki na nakala. Msimamizi analinganisha taslimu na M-Pesa kwa pamoja, kaunta kwa kaunta, usiku ule ule kabla ya taa kuzimwa. Kadi ya kubadilisha aina ya malipo ilipewa pia keshia mwandamizi mmoja kwa kila zamu ili asisubiriwe mtu aliye stoo. Upungufu unaobaki baada ya hapo unaandikiwa maelezo na mhusika anasikilizwa kabla ya kukatwa chochote. Mikataba iliandikwa upya, na watatu waliikataa kaunta baada ya kuisoma, wakarudishwa kwenye rafu. Sikuona ubaya. Afadhali akatae siku hiyo kuliko baada ya miezi minne.

Gharama ilikuwa ya kweli. Wasimamizi walichelewa kufunga kwa karibu dakika arobaini kila usiku kwa wiki za mwanzo, wakalalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika; tulilazimika kuwalipa muda wa ziada. Kampuni pia iliwarudishia waliokuwa bado kazini pesa za shoti ambazo zidisho la M-Pesa lililingana nazo. Kwa walioondoka jambo hilo lilichukua muda mrefu zaidi, na wengine hatukuwapata kwa simu.

Mwaka uliofuata keshia walioondoka kwa hiari walikuwa sita badala ya 15. Sitadai kwamba yote yalitokana na shoti, kwa sababu mwaka huo huo duka jirani lililokuwa likiwachukua keshia wetu lilipunguza kuajiri. Dalili ninayoiamini zaidi iko kwenye ile safu ya tukio: kati ya hao sita, mmoja tu alitaja hati ya mshahara, na wawili waliniambia walishamweleza msimamizi tatizo lao kabla ya kuandika barua.

Wapakiaji mizigo, kwa upande wao, wameendelea kuondoka kwa kasi ile ile. Majibu yao hayataji pesa za droo bali saa ya kufunga: duka linafungwa saa tatu usiku, na anayeishi Kiamunyi au Lanet hulipa nauli ya boda kila siku ya zamu ya jioni, kiasi ambacho hakuelezwa siku ya kuajiriwa. Nimeanza kuwauliza wale ambao hawajaondoka pia, walio katika mwezi wao wa tatu, maswali yale yale isipokuwa la kuondoka, kwa sababu anayejibu akiwa kwenye notisi anasaidia wenzake tu. Pendekezo la kuwapangia zamu kwa kufuata mitaa wanakoishi liko mezani kwa mkurugenzi, na meneja wa tawi kubwa amelipinga kwa hoja kwamba litamwachia watu wachache siku za Jumamosi. Hoja yake ina ukweli ndani yake, kwa hiyo tutalijaribu kwanza kwenye tawi dogo la mjini.